Sala ya Kuhamia Nyumba Yetu ya Rau, Usiku wa Kwanza

(Tusimame sebuleni, mlango wa mbele ubaki wazi mpaka Bibi atakapoufunga. Tuimbe kwanza wimbo atakaouchagua Bibi, ubeti mmoja tu, maana vitanda bado havijafungwa na watoto wana shule asubuhi.)

BABA: Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

WOTE: Amina.

BABA: Ee Mungu, Mungu uliyeombwa na wazee wetu kule Kibosho, tumefika. Funguo za vile vyumba vya kupanga Majengo tumezirudisha leo mchana. Wewe uliona msingi huu ulivyoota majani mpaka majirani wakawa wanafunga mbuzi kwenye nondo zetu. Ulituona tukinunua bloku kidogo kidogo. Uliona ada ya shule ilivyokula hela ya bati. Watu wanatupongeza kwamba tumejitahidi, na kweli tumejitahidi, lakini sisi tunajua palipokuwa pagumu na nani alitushika mkono. Hodi tumepiga sisi. Sasa tunakukaribisha Wewe.

WOTE: Karibu, Bwana, ukae nasi.

MAMA: Bwana, wabariki waliojenga nyumba hii. Fundi mwashi, na yule kijana saidia fundi aliyepandisha ndoo za zege siku ya lenta huku jua likiwaka. Wabariki akina mama wa kikoba walionipa mkopo wakati mume wangu amekata tamaa. Fundi wa milango hatujammalizia hela yake. Tupe kumlipa kabla hatujanunua makochi. Watoto wamesikia, ni mashahidi.

Libariki jiko hili. Mgeni akibisha hodi tukiwa tunakula, tusifunike sufuria. Vibariki vyumba, koki, taa, na kila anayelala chini ya bati hili, dada wa kazi akiwa miongoni mwetu na wala si pembeni.

WOTE: Karibu, Bwana, ukae nasi.

WATOTO: Mungu, asante kwa chumba chetu. Asante umeme umewaka. Tulinde na nyoka, na wezi, na ndoto mbaya. Utusaidie tusigombanie kitanda cha juu. Amina.

BIBI: (Haya ndiyo aliyotuagiza tumwandikie. Akiongeza yake, asikatizwe, hata kwa Kichaga.)

Mungu wangu, mimi mzee, sina maneno mengi. Hapa si kihambani. Kihamba kiko kule juu, kwenye migomba na kahawa, na babu yao amelala pale. Aliitamani sana siku hii. Basi nimekuja na masale kutoka mpakani mwa kihamba kile, leo nimeyapanda kando ya geti. Kwetu mtu akikosa, huchukua jani la sale akaenda nalo kwa aliyemkosea, na aliyeletewa sale hakatai kusamehe. Nimeliona hilo kwa macho yangu, baba yangu akipokea jani kutoka kwa mtu aliyeapa hatazungumza naye tena.

Ee Mungu, masale yangu yashike. Mume na mke wakikosana humu, wasilale wamepeana migongo ilhali majani yako getini. Na yule ndugu yetu tuliyenyamaziana naye tangu ile habari ya mpaka wa shamba, unamjua. Mwanangu amwite Krismasi hii, aje ale hapa. Asipokuja, mwanangu amfuate na jani.

(Tunyamaze kidogo. Baba ajibu kwa maneno yake, si ya kwenye karatasi.)

WOTE: Karibu, Bwana, ukae nasi.

BABA: Bwana, masika yakija, mto Rau ukijaa, tulinde. Mfereji tuliochimba upitishe maji bila kuyasukumia kwa jirani. Walinde waliobaki Majengo tuliokuwa tunachota nao maji bomba moja. Wakija kututembelea wasituone tumebadilika. Na aliye na kinyongo kwa ajili ya nyumba hii mpe ya kwake, kubwa kuliko hii.

WOTE: Baba Yetu uliye mbinguni… (tuisali yote, polepole, kwa mwendo wa mdogo kuliko wote.)

BIBI: (akiwa mlangoni, mkono kwenye fremu) Mungu awatangulie mnapotoka, awapokee mnaporudi. Ugonjwa ukija usikae. Riziki ikija isipite. Mzae, mlee, mzeeke humu.

WOTE: Amina.

(Bibi afunge mlango. Machalari yako jikoni: Bibi anawe wa kwanza, na bakuli moja lipelekwe sasa hivi kwa jirani wa upande wa kulia, aliyetulindia saruji.)