Mbili au tano?

Walimu wawili wanasahihisha jaribio moja la hisabati. Wanafunzi waliandika kwa mkono nyumbani, wakapiga picha karatasi zao na kuzituma. Mwalimu Kassim amesahihisha kwanza, Mwalimu Zuhura anapitia. Wamefika namba 18, swali la 4, lenye alama 6: eneo la kiwanja cha mstatili ni mita za mraba 60, na urefu unazidi upana kwa mita 7. Tafuta upana na urefu.

ZUHURA: Mwalimu, hebu njoo kidogo. Hii namba 18 umempa mbili?

KASSIM: Mbili. Na nilisita.

ZUHURA: Ulisita kumwongezea au kumpunguzia?

KASSIM: (anacheka) Usinianze. Iangalie picha yenyewe kwanza. Kivuli cha mkono kimelala nusu ya ukurasa, upande wa kulia umekatwa. Nimeikodolea macho mpaka yakatoka machozi.

ZUHURA: Naiona. Lakini mistari minne ya juu inasomeka. Twende nayo mmoja mmoja. Wa kwanza, x(x + 7) = 60.

KASSIM: Sawa, alama moja.

ZUHURA: Wa pili, x² + 7x − 60 = 0.

KASSIM: Ya pili hiyo. Zikaishia hapo. Mstari wa tatu ameandika (x − 12)(x + 5) = 0. Fungua mabano hayo, unapata x² − 7x − 60. Si mlinganyo wake tena. Kuanzia hapo anatembea barabara nyingine.

ZUHURA: Una hakika hapo kwenye 12 ni kutoa?

KASSIM: Ni kutoa.

ZUHURA: Mimi naona kama kuna kimstari cha wima kimefifia. Kivuli kinaanzia papo hapo. Ikiwa ni kujumlisha na penseli haikukolea, hapo habari ni nyingine.

KASSIM: Ikuze.

ZUHURA: (anakuza picha kwenye simu, anaongeza mwangaza) Inageuka vumbi tupu. Wanazituma kama picha za kawaida, simu inazibana. Wangezituma kama faili tungeona hadi nyuzi za karatasi.

KASSIM: Basi acha kukuza, soma mstari unaofuata. Ameandika x = 12 au x = −5. Kama angekuwa na (x + 12), hiyo 12 chanya ingetoka wapi? Na kile cha pili ni kujumlisha bila ubishi, kimekolea, ndiyo maana akapata −5.

ZUHURA: (kimya kidogo) Hapo umenishika. Ni kutoa.

KASSIM: Andika tarehe.

ZUHURA: Usifurahi bado. Mimi nilikuwa na tano kichwani, moja ikiwa ya mabano, kwa sababu namba zenyewe ni sahihi. 12 na 5, zao lake 60, tofauti yake 7. Amebadilishana alama tu.

KASSIM: Hiyo "tu" ndiyo swali lote, Mwalimu. Mtoto yeyote anaweza kutafuta namba mbili zinazozaa 60. Tunachompima ni kama anajua ipi ichukue hasi. Mwongozo umeandika alama 1 kwa vigawo sahihi. Haukuandika nusu.

ZUHURA: Haya, nimeiacha. Sifuri kwenye vigawo. Sasa mstari wa nne, thamani mbili za x. Kutoka kwenye mabano yake mwenyewe, 12 na −5 ni sahihi au si sahihi?

KASSIM: Kutoka kwenye mabano yake, sahihi. Kutoka kwenye swali, si sahihi.

ZUHURA: Kosa amelipia mstari wa tatu. Unataka alilipie tena wa nne?

KASSIM: Nataka jibu lifanane na swali. Tazama mwisho wake: upana 12, urefu 19. Zidisha, 228. Kiwanja cha 60 kimekuwa cha 228 na yeye ameweka kalamu chini ameridhika! Mwanafunzi wa kiwango hiki hazidishi namba mbili kujihakiki?

ZUHURA: Angejihakiki angenifurahisha na mimi. Ila nionyeshe kwenye mwongozo alama ya kujihakiki iko wapi.

KASSIM: Haipo.

ZUHURA: Sasa unaikataje alama ambayo haikuwekwa? Vipimo vya mwisho vimekosewa, alama ya vipimo ameikosa, tumemaliza. Hiyo 228 isirudi nyuma ikala na alama za katikati.

KASSIM: Wewe unagawa kama sadaka.

ZUHURA: Nagawa kwa mwongozo tulioandika pamoja, mwandiko wako huu hapa: mlinganyo 1, kupanga 1, vigawo 1, thamani mbili 1, kukataa thamani hasi kwa sababu 1, vipimo na vizio 1. Umesahau?

KASSIM: Sijasahau. Na hiyo ya kukataa hasi, isome mwenyewe kwa sauti.

ZUHURA: "x = −5 haifai kwa sababu upana hauwezi kuwa ha…"

KASSIM: Ha nini?

ZUHURA: Picha imekatwa.

KASSIM: Ha nini, Mwalimu? Halali? Hafifu? Haramu?

ZUHURA: (anacheka) Kassim, jamani.

KASSIM: Mimi nasahihisha kilichoandikwa. Sijazi nafasi zilizoachwa wazi. Leo nikimmalizia neno huyu, kesho nitammalizia mwingine sentensi nzima.

ZUHURA: Hasi yenyewe imo kwenye mstari uleule, ameandika −5 kisha akaikata kwa mstari mmoja. Neno likianza na "ha" mbele ya −5 iliyokatwa, wewe unahitaji herufi ngapi zaidi? Mwongozo unasema sababu inayoeleweka. Haukusema sababu iliyokamilika tahajia.

KASSIM: Na kama karatasini kweli iliandikwa kitu kingine?

ZUHURA: Tumwombe apige picha tena, ukurasa uleule.

KASSIM: Arekebishe na mabano akiwa hapo hapo! Akishaona tunauliza swali la 4, hatajua kuna kosa?

ZUHURA: Picha ya kwanza tunayo. Angalia hapa juu, kuna doa la wino lenye umbo la maharage, na kona imekunjwa. Ikija karatasi isiyo na doa, tunajua. Ikija yenye doa lakini mabano yamefutwafutwa, tunajua vilevile. Tunasoma neno lililokatwa tu, mengine yote yanabaki ya picha ya kwanza.

KASSIM: Kwa neno moja? Kuna karatasi ishirini zinasubiri. (anaitazama tena) Haya. Ni hasi. Mpe hiyo, tumefika tatu.

ZUHURA: Na thamani mbili za x?

KASSIM: Tatu, Mwalimu. Swali limeenda nusu vizuri, nusu vibaya, sita kwa mbili ni tatu. Tukutane katikati tuendelee.

ZUHURA: Hapana. Ingekuwa nne ningeipokea, na mbili ningeipokea kama ungenionyesha zinatoka wapi. Hiyo tatu haina mstari wake. Akija mzazi kuuliza ya tatu ni ya nini, utamwambia tulichoka?

KASSIM: Nitamwambia kosa la vigawo limeharibu kila kilichofuata.

ZUHURA: Utamwambia kila mzazi hivyohivyo?

KASSIM: Kila mzazi.

ZUHURA: Nifungulie namba 7.

KASSIM: Namba 7 nimeshamaliza.

ZUHURA: Ndiyo maana nataka uifungue. Nimeipitia asubuhi.

(Kassim anarudisha nyuma picha. Namba 7 inatokea: karatasi imenyooka, mwanga sawasawa, pembe zote nne zinaonekana.)

KASSIM: Huyu anajua kupiga picha.

ZUHURA: Soma mstari wa tatu.

KASSIM: (x + 15)(x − 4) = 0. Zao 60, sawa, lakini katikati inakuja 11x. Amekosea vigawo.

ZUHURA: Ukampa sifuri ya vigawo, vizuri. Endelea.

KASSIM: x = −15 au x = 4. Amekataa −15. Upana mita 4, urefu mita 11. (kimya)

ZUHURA: Umempa ngapi?

KASSIM: Nne.

ZUHURA: Nne. Mlinganyo, kupanga, thamani kutoka kwenye mabano yake, kukataa hasi. Wala hukuuliza kama alijihakiki.

KASSIM: 4 mara 11 ni 44. Iko karibu na 60. Ile 228…

ZUHURA: Ukaribu una alama ngapi kwenye mwongozo?

KASSIM: Ngoja kwanza.

ZUHURA: Nangoja.

KASSIM: (anaweka picha mbili pembeni mwa nyingine, anakwenda mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu) Ni kosa lilelile. Huyu amekosea namba, yule amekosea alama za kujumlisha na kutoa. Tena huyu wa 7 amekosea zaidi, 11 si 7 kwa namna yoyote. Yule angalau tofauti ya 7 aliiona.

ZUHURA: Hilo sikulisema mimi.

KASSIM: Nimelisema mimi. Unajua kilichotokea? Hii ya 7 niliisoma yote, kwa sababu inasomeka. Ile ya 18 nilipofika kwenye kosa nilishukuru nimepata sababu ya kuacha kusoma.

ZUHURA: Macho yalichoka.

KASSIM: Yalichoka, na nilikuwa nimekasirika. Tuliwaambia waweke karatasi mezani, simu iwe juu kabisa, wasizibe taa. Mtu anakutumia kiza.

ZUHURA: Hata mimi kinaniudhi. Tungetaka picha mbaya ikatwe alama, tungewaambia kabla ya jaribio. Sasa hivi tunaweza kumwandikia maneno tu.

KASSIM: Nne basi. Mstari wa nne moja, kukataa hasi moja. Vigawo sifuri, na vipimo sifuri, hapo sisogei.

ZUHURA: Hapo hata mimi sisogei. Hivi kwenye vizio ameandika "m" au "sm"? Hii ya mwisho kabisa siioni.

KASSIM: Alama ya vipimo ameshaikosa, hata akiandika maili.

ZUHURA: Kweli. Nini tunamwandikia?

KASSIM: (anaandika) "Fungua mabano yako uone kama unarudi kwenye mlinganyo wa mstari wa pili. Kisha zidisha upana kwa urefu, ulinganishe na 60." Halafu chini: "Picha ina kivuli na imekatwa kulia."

ZUHURA: Ongeza kwamba neno la mwisho halikuonekana, tumelielewa kwa mstari wenyewe. Ajue tumeliona tatizo.

KASSIM: Nimeongeza. Mbili imefutwa, nne imeandikwa. Weka sahihi yako hapo.

ZUHURA: Zenye kiza kama hii ziko ngapi?

KASSIM: Nilizopitia? Tatu nyingine. Namba 11, 13 na… subiri, 16.

ZUHURA: Na zote uliacha kusoma ulipofika kwenye kosa?

KASSIM: Ya 13 sina uhakika. Ya 11 na 16, ndiyo.

ZUHURA: Tuanze na 11.

KASSIM: Niongeze mwangaza wa simu kwanza. Leta na chaja.