Kitanda cha Bi Dija

Kwetu Lamu, mara nyingi ni bwana harusi anayehamia kwa kina bibi harusi. Kassim alikuwa anaoa Shela, na nyanya yake, Bi Dija wa Mkomani, aliapa kwamba mjukuu wake hataingia nyumba ya watu mikono mitupu. Akatoa kitanda alichoolewa nacho mwenyewe: samadari ya msaji yenye nakshi, miguu minene, na uzito ambao haukusemwa mpaka vijana walipokiinua.

Kukihamisha siku ile ile ya nikahi lilikuwa wazo la Ami Shee. Mawazo ya Ami Shee hayakosi kelele wala haraka, na hayakosi mtu wa kulaumiwa asiyekuwa yeye. Alitafuta vijana wanne. Punda wangebeba nini hapo? Mji wetu uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na waliouingiza hawakuuliza kitanda cha msaji kitapita vipi kwenye vichochoro vyake.

"Kifunikeni shuka nyeupe, chumvi ya bahari isikiguse," akaagiza Bi Dija, nyayo zake zimepakwa hina mbichi. "Na mwende polepole, kwa heshima."

Wakaenda polepole, kwa heshima. Wanne, kitanda begani, shuka nyeupe imening'inia pande zote. Walipotokea Usita wa Mui, wa mbele kushoto akajikwaa kidole. "Innalillahi!"

Wazee waliokuwa barazani wakicheza bao wakainua vichwa.

"Nani?" akauliza mmoja, sauti imeshuka.

Kijana alidhani anaulizwa nani amewatuma. "Bi Dija, mzee wangu."

Wazee wakasimama, kete zikaachwa palepale, jambo ambalo halijatokea hata siku ya uchaguzi. Na kwa kuwa kubeba ni thawabu, wakatia mabega. Wapita njia nao wakaingia. Vijana walijikuta wepesi, mikono mitupu, wakamshukuru Mungu kwa majirani wema, wakaenda kunywa juisi ya ukwaju. Kitanda kingefika tu. Si watu wazima wamekichukua?

Kilifika msikitini. Nyuma yake walikuwa wameongezeka watu mpaka kichochoro kimejaa. "Marehemu alikuwa mwepesi kwa macho," mmoja akanong'ona, jasho likimtiririka, "kumbe mzito hivi!" Mwenzake akamkanya: maiti hasemwi. Mtu mmoja mwenye haraka ya kheri alikuwa ameshatumwa makaburini kuanza kuchimba.

Nyumbani kwa Bi Dija, daka likajaa wanawake wenye mabuibui, wakilia. Yeye alikuwa chumba cha ndani, hina haijakauka, hawezi kukanyaga chini. Akasikia kilio, akadhani jirani amefiwa. Mtu mwenye huruma, naye akaanza kulia kidogo kidogo, huku ametega sikio apate kujua amekufa nani.

"Alikuwa na mkono wazi," akasema mmoja. "Hakuna mtoto aliyepita hapa asipate mkate wa mofa."

Ni mtu mwema, akajisemea Bi Dija, akajifuta machozi.

"Nilimwazima mkufu wangu wa dhahabu Maulidi ya mwaka juzi," akasema wa pili kwa kwikwi. "Haukurudi. Nimemsamehe."

"Mkufu niliurudisha!" sauti ikatoka ndani. "Nilimpa mwanao mkononi!"

Wawili wakazirai. Mmoja akaruka kizingiti bila viatu. Waliobaki walianza kusoma walichokumbuka.

"Na mimi," wa tatu, ambaye hakuwa amesikia vizuri kwa sababu ya kilio chake mwenyewe, akaendelea, "nina deni lake la shilingi elfu tano. Sasa nitamlipa nani?"

"Nilipe mimi! Na leo!"

Huko Shela habari zilitangulia mashua. Mzee Bwanaadi, baba yake Fatma, ni mtu wa adabu sana, tena wa maneno machache, na machache yake ndiyo yaliyozua balaa. Akamtumia Ami Shee ujumbe wa sauti: "Shee ndugu yangu, kwa haya yaliyotokea, nikahi haiwezekani. Tumesimamisha. Mungu awape subira."

Ami Shee hakujua kilichotokea. Yeye alikuwa gatini, akingoja kitanda ambacho kilikuwa kinasubiri kuswaliwa. Akausikiliza ujumbe mara tatu, kila mara akiwaka zaidi.

"Yaliyotokea! Ametokea mwenye pesa, ndilo lililotokea! Na mimi nipewe subira?"

Akarukia mashua ya mashine akaamuru apelekwe Shela, akadai mahari, shilingi laki moja na nusu, taslimu. Katikati ya maji wakapishana na mashua iliyojaa watu wa Shela, vichwa vimeinama. Akawapungia mkono kwa hasira. Hawakumwitikia, maana walidhani anawaaga kwa uchungu.

Nyumba ya Mzee Bwanaadi aliikuta imefungwa kofuli. Akagonga. Akazunguka. Akachungulia uani akaona sufuria kubwa za biriani zimeinamishwa, moto umezimwa. Mtoto mmoja aliyekuwa anacheza pale akamwambia, "Wote wameondoka na mashua. Walikuwa wakilia."

"Wamekimbia na mahari yetu!" Ami Shee akampigia Bi Zena, mama yake Kassim. Bi Zena akamwambia Kassim. Kassim, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa na kanzu yake mpya asipate kuikunja, aliinuka akatoka mbio kwenda kumtafuta Fatma popote walipomficha. Kwenye kona ya msikiti akagongana na jeneza la nyanya yake.

"Nyanya amekufa?" akauliza.

"Pole, mwanangu."

"Nimetoka kuzungumza naye sasa hivi! Amenikemea kwa sababu ya koti!"

Imamu, mtu mtulivu, akaomba watu wanyamaze. Akainua ncha ya shuka. Akaona mguu wa msaji. Akainua ncha ya pili, akaona mguu wa pili, nao una nakshi. Akaishusha shuka taratibu.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu ana miguu minne."

Sitasimulia kelele zilizofuata. Inatosha kusema kila mtu alikuwa ameambiwa na mwenzake, na huyo mwenzake hakuonekana. Vijana wanne walifika kutoka kwenye juisi wakauliza kwa nini kitanda kimeletwa huku badala ya gatini, na wakakaribia kupigwa.

Lakini watu walikuwepo. Mzee Bwanaadi alikuwepo, amevaa kanzu na koti lake jeusi, analia kwa furaha sasa. Imamu alikuwepo. Bwana harusi alikuwepo, kanzu imechafuka. Kwa nini warudi kupangwa upya? Baada ya Ishaa Kassim aliozeshwa palepale msikitini. Wanawake waliokuja kulia walikimbilia pembe za vugo, wakapiga mpaka mabati yakatetemeka. Ami Shee alirejea saa tatu usiku, nikahi imeshafungwa, akiwa na mzee wa mtaa wa Shela aliyemtoa kwenye chakula chake, kuja kumkamata Mzee Bwanaadi. Alikuta Mzee Bwanaadi anamshindilia halwa mdomoni bwana harusi. Alimtazama mzee wa mtaa, naye mzee wa mtaa akaangalia halwa.

Bi Dija alikuwa amebebwa mpaka barazani, hina imekauka, anapokea elfu tano yake, ndipo mchimba kaburi alipotokea na jembe, matope mpaka magotini.

"Kaburi tayari, mama. Nani analipa?"

"La nani?"

Mtu akamsogelea sikioni akamweleza. Mchimbaji akamtazama Bi Dija, kisha akatazama jembe.

"Mimi nimechimba," akasema. "Na kaburi halifukiwi tupu. Mpaka mgomba unahitajika kuzikwa humo. Mgomba nao una bei."

"Urefu gani?" Bi Dija akauliza.

"Wa kukutosha, mama."

Bi Dija akafikiri. Akahesabu tena elfu tano, akampa mbili. "Hizi za nusu. Nusu nyingine kamdai Shee. Mgomba mwambie aubebe yeye."