Uthibitisho wa usaili wa kesho: dereva wa lori la tela, yadi ya Vingunguti

Kaka Hamisi, habari za funga? Ni Neema wa ofisi ya ajira, tuliongea Ijumaa kuhusu nafasi ya dereva wa tela kwa safari za Tunduma, Ndola na Lubumbashi. Ujumbe huu ni mrefu, kwa hiyo kama uko kwenye usukani sasa hivi, uache. Usome ukishapaki.

Usaili wako ni kesho, Alhamisi tarehe 12 Machi 2026, saa 2:00 asubuhi. Ufike getini saa 1:40 kwa sababu kuna kujiandikisha na kupuliza kipima kilevi kabla ya kuingia. Ikifika saa 2:30 geti linafungwa, maana wakufunzi wanakuwa wameshaanza kuzungusha magari uwanjani na hawaruhusu mtu kukatiza kwa miguu.

*MAHALI*
Ni yadi ya malori ya kampuni, Vingunguti upande wa viwandani, Dar es Salaam. Sio ofisi za mjini ulikoleta barua ya maombi. Geti ni la bluu, ukuta mweupe, na nje kuna tairi kubwa zilizopakwa rangi nyeupe zimepangwa kando ya njia. Pini ya ramani nimekutumia juu ya ujumbe huu.

Umeniambia unatoka Morogoro leo kwa treni ya mwendokasi na utalala kwa dada yako Tabata. Vizuri sana, na tafadhali usibadilishe mpango huo ukasema utasafiri alfajiri. Kutoka Tabata panda gari la Buguruni, ushuke Buguruni Sheli, hapo upande linalopita TAZARA. Ukishuka TAZARA chukua bajaji. Mwambie dereva "Vingunguti viwandani, yadi ya malori yenye geti la bluu". Usiishie kusema Vingunguti tu, atakupeleka machinjioni, ni mbali na kwetu na utaanza kuhangaika dakika za mwisho. Toka nyumbani saa 12:00 asubuhi. Mvua zimeanza, na Barabara ya Mandela ikilowa foleni ya Buguruni haina huruma.

*WA KUMUULIZIA*
Getini sema umekuja kwenye usaili wa madereva, jina lako liko kwenye orodha ya mlinzi. Ndani mapokezi yuko Bi. Mwanaidi, yeye ndiye anayepokea nyaraka. Atakayekusaili na kukupima uwanjani ni Mzee Kitwana, mkufunzi mkuu wa madereva. Amekaa barabarani miaka mingi kabla ya kuwa mkufunzi, anaongea kwa sauti kubwa hata akiwa amefurahi, usije ukadhani amekukasirikia. Namba ya Bi. Mwanaidi nimekutumia pia. Ukipotea njia mpigie yeye kwanza, mimi asubuhi nitakuwa na wengine na huenda nisipokee haraka.

*VYA KUBEBA*
Leseni halisi ya daraja E, sio picha kwenye simu. Itahakikiwa kwenye mfumo wa TRA palepale. Kitambulisho cha NIDA. Kama kadi haijatoka, namba yenyewe inatosha. Cheti chako cha mafunzo ya magari makubwa, cha NIT au VETA, halisi pamoja na nakala moja. Barua ya mwajiri wa mwisho kama unayo. Kama hamkuachana vizuri na hakukupa barua, usiogope wala usitengeneze ya mtaani. Njoo na jina na namba ya mtu aliyekusimamia, na utueleze ilivyokuwa. Hatutampigia mtu yeyote bila wewe kukubali.

Pasipoti ulete kama ipo. Kama bado, haikuzuii kufanya usaili kesho.

Kadi ya homa ya manjano naomba niieleze zaidi, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanajiharibia. Huwezi kuvuka kwenda Kongo bila kadi hiyo, na najua kuna watu wanaiuza bila sindano. Usinunue. Kama hujachanjwa, useme tu hujachanjwa. Chanjo inaanza kutambulika mpakani siku 10 baada ya kudungwa, na ukishachanjwa mara moja kadi ni ya maisha. Kampuni iko tayari kumsubiri dereva mzuri siku hizo 10. Mwenye kadi ya kughushi hasubiriwi, kwa sababu akikamatwa Kasumbalesa, mzigo na gari vyote vinakwama pamoja naye.

Mavazi: suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, vyenye soli isiyoteleza. Ukiwa na buti zako za kazi ndiyo bora zaidi. Kandambili na sendo haziingii uwanjani kabisa. Kizibao cha kuakisi mwanga utapewa getini. Uwanja una matope siku hizi, kwa hiyo usivae nguo ya kwendea harusini. Kama unatumia miwani, usiisahau. Kuna kipimo cha macho.

*KITAKACHOFANYIKA*
Mmeitwa madereva 14, nafasi ni 6. Nakuambia idadi hii ili ujue hali halisi, na pia ujue kwamba kila aliyeitwa tumeona anaweza.

Kwanza kipima kilevi. Wanapuliza wote, aliyefunga na asiyefunga, na wafanyakazi wa yadi pia hupuliza kila asubuhi, kwa hiyo usichukulie kama umedharauliwa. Kama unatumia dawa ya kikohozi au dawa yoyote inayoleta usingizi, mwambie Bi. Mwanaidi kabla ya kupuliza.

Baada ya nyaraka utakaa na Mzee Kitwana kama dakika 20, mtaongea Kiswahili tu. Hatakuuliza mambo ya kukariri. Atakuuliza kazi: gari linapimwaje Vigwaza na Mikumi, unafanya nini ukigundua mzigo umelalia ekseli za nyuma ingawa uzito wote haujazidi tani 56, ekseli ya usukani mwisho wake tani ngapi. Atakuuliza unashukaje Kitonga ukiwa umebeba shaba kurudi Dar: unaingia na gia gani, unatumia nini kabla ya kukanyaga breki, na unafanyaje ukiona geji ya upepo inashuka. Jibu unavyofanya wewe kweli. Akikuuliza kama umewahi kupata ajali, mwambie. Dereva aliyewahi kupata ajali na anajua ilitokana na nini tumeshamwajiri. Aliyeficha, tukaja kuigundua, hatukuweza kumwamini tena na gari.

Halafu uwanjani. Utapewa kichwa na tela tupu, gia za mkono. Kazi ya kwanza ni kulikagua gari kabla ya kuliwasha, na hapo usikimbie. Zunguka, piga tairi, angalia nati, mipira ya upepo, taa, pembetatu za tahadhari, kizimia moto, na kama kuna kinachovuja chini. Sema kwa sauti unachokiangalia ili mkufunzi akusikie. Hapa pana alama nyingi kuliko kwenye kuendesha kwenyewe, na wengi wanapita haraka wakitaka kuonyesha wanavyojua usukani. Kisha utaunga tela, utahakikisha limeshika kabla ya kuinua miguu yake, na utarudi nyuma kuingia kati ya koni. Ukiona hujakaa sawa, simama, shuka, angalia, anza upya. Kushuka kuangalia hakupunguzi alama. Kugonga koni kwa kubahatisha kunapunguza.

Mwisho ni mzunguko mfupi barabarani pamoja na mkufunzi. Utingo hatakuwepo, vioo ni vyako mwenyewe.

Nimeomba walioko kwenye funga wawekwe uwanjani mapema kabla jua halijapanda, na Mzee Kitwana amekubali, kwa hiyo wewe uko kundi la kwanza. Ikiwa utaamka na hali mbaya, kizunguzungu au homa, niambie kabla ya saa 1:00. Nitakupangia siku nyingine wiki ijayo bila kukupunguzia chochote. Sitaki upande gari la tani nyingi huku mwili hauko sawa kwa sababu tu unaogopa kukosa nafasi. Sehemu ya kuswalia ipo ndani ya yadi na maji yapo. Tunategemea kumaliza saa 7:00 mchana. Wasiofunga watapata chakula saa 6:00, na wewe utafungiwa chako uondoke nacho kwa ajili ya futari.

*HELA*
Hili nalisema kwa kila mtu na nitalirudia kesho. Hakuna pesa ya fomu, ya usaili, ya sare, ya "kufungua faili" wala ya shukrani. Usimpe mlinzi, usimpe mtu atakayekupigia leo usiku akisema ametumwa na mimi, usinipe mimi. Mtu akikuomba hata elfu tano, niandikie jina lake au namba yake. Haitakuathiri kwenye usaili hata kidogo. Nimeona baba wa familia akikopa ili amlipe tapeli kwa kazi ambayo ilikuwa ya bure, na sitaki likukute.

Badala yake kampuni ndiyo itakayokurudishia nauli ya kutoka Morogoro na kurudi. Tunza tiketi ya treni, Bi. Mwanaidi ataihitaji.

Mshahara wa msingi na posho ya safari utaonyeshwa kwa maandishi kesho baada ya uwanja, usome na uulize. Uliniuliza kuhusu NSSF: ndiyo, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na katika hiyo wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Mkataba ni wa maandishi, miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Kesho hutasaini chochote. Yeyote akikuwekea karatasi mbele akitaka saini, zaidi ya ile ya mahudhurio na ya nauli, usisaini, niite.

Majibu yatatoka Jumanne tarehe 17 Machi. Aliyepata atapigiwa simu, na ambaye hakupata nitamwandikia mwenyewe na kumwambia alipungukiwa wapi.

Sasa naomba mambo mawili kwako. Nijibu NDIYO kwenye namba hii leo kabla ya saa 12:00 jioni. Nisipopata jibu, nafasi yako ya kesho nitampa dereva aliyeko akiba, naye anatoka Kibaha na lazima nimjulishe mapema. Na ukishafika Tabata usiku, nitumie neno moja tu kwamba umefika. Kama una swali ambalo hapa halimo, uliza sasa, niko kwenye simu mpaka saa 3:00 usiku.

Safari njema, na swaumu njema kwako na kwa dada yako.

Neema
Ofisi ya ajira, Dar es Salaam