MUHTASARI WA KIKAO NA. 5/2024 CHA KAMATI YA MAJI YA KIJIJI, WILAYA YA RUNGWE, KILICHOFANYIKA OFISI YA KIJIJI TAREHE 14 SEPTEMBA 2024

Ajenda
1. Kufungua kikao
2. Kuthibitisha muhtasari wa Kikao Na. 4/2024
3. Yatokanayo
4. Matengenezo kabla ya mvua
5. Mapato na matumizi ya Agosti
6. Mengineyo
7. Kufunga kikao

Mahudhurio: Wajumbe 9 kati ya 12. Watatu walitoa udhuru.

1. Kufungua kikao. Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:15 asubuhi baada ya kuridhika kwamba akidi imetimia.

2. Muhtasari uliopita. Ulisomwa na kuthibitishwa bila marekebisho.

3. Yatokanayo. Katibu alieleza kuwa kati ya maazimio 6 ya kikao kilichopita yametekelezwa 2 tu, na kwamba yote 4 yaliyobaki yaliandikwa kuwa ni kazi ya "wajumbe wote" pasipo tarehe. Baada ya mjadala mrefu, ambamo mjumbe mmoja alihoji kama kumwandika mtu mmoja si kumtwisha mzigo wa kamati nzima, ilikubaliwa kwamba mhusika ndiye atakayeulizwa, si lazima awe mtendaji pekee. Kuanzia kikao hiki kila azimio litabeba namba ya ajenda iliyolizaa, mhusika mmoja anayetajwa kwa cheo, na tarehe kamili. Maneno "haraka iwezekanavyo" hayatakubaliwa katika safu ya tarehe.

4. Matengenezo. Fundi alitoa taarifa kuwa kidakio kimejaa mchanga na bomba linavuja sehemu mbili chini ya tangi. Alisisitiza kuwa kazi ya kidakio itangulie, kwa sababu mvua zikishika Novemba njia ya kwenda chanzoni huteleza kiasi cha kutobebeka saruji.

5. Mapato na matumizi. Mhazini aliwasilisha makusanyo ya Sh. 486,000, matumizi ya Sh. 310,000 na baki ya Sh. 176,000. Taarifa ilipokelewa, ila vituo 3 vya kuchotea maji havijawasilisha fedha.

6. Mengineyo. Hapakuwa na hoja.

Jedwali la maazimio

| Na. | Azimio | Mhusika | Mwisho | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 3.1 | Kuhamishia maazimio 4 ya zamani kwenye jedwali, kila moja na mhusika wake | Katibu | 21/9/2024 | Linaendelea |
| 4.1 | Kuzoa mchanga kwenye kidakio | Fundi | 28/9/2024 | Halijaanza |
| 4.2 | Kuziba bomba sehemu mbili | Fundi | 12/10/2024 | Linasubiri 4.1 |
| 5.1 | Kukusanya fedha za vituo 3 | Mhazini | 30/9/2024 | Halijaanza |

7. Kufunga kikao. Kikao kilifungwa saa 7:20 mchana. Kikao kijacho ni tarehe 19 Oktoba 2024, saa 4:00 asubuhi, na ajenda ya Yatokanayo itasomwa moja kwa moja kutoka kwenye jedwali hili.

Umeandikwa na Katibu wa Kamati. Utathibitishwa na kusainiwa na Mwenyekiti katika Kikao Na. 6/2024.