Kasuku na Maneno Mawili

Paukwa!
Pakawa!

Palikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Chereko. Alipenda kusema kuliko kula. Kila asubuhi aliruka juu ya msitu mzima, kisha akarudi kuwapa wenzake habari. Lakini vitu vyote alivipima kwa maneno mawili tu: kubwa na dogo. Mlima mkubwa. Nzi mdogo. Basi, habari imekwisha!

Siku moja Ngiri akamuuliza, "Mto wa kule bondeni ukoje?"

"Mdogo," akajibu Chereko.

Ngiri akashuka, akatia mguu bila wasiwasi. Chubwi! Akazama mpaka masikioni. Alipotoka alikuwa anachuruzika maji na kufura kwa hasira.

"Ulisema mto mdogo!"

"Kwani ng'ambo si pale tu?"

"Basi sema ni mwembamba! Tena useme una kina kirefu, mtu ajue kabla hajaoga kwa nguvu!"

Chereko akaenda kumuuliza Twiga. "Twiga mkubwa, hujambo?"

"Sijambo, lakini mkubwa ni Tembo," akasema Twiga, akiinamisha shingo. "Mimi ni mrefu. Yule ndiye pandikizi la mnyama."

Neno hilo lilimkolea Chereko mdomoni. Akashinda akilirudia: "Pandikizi! Pandikizi!" Hata popo waliokuwa wamelala wakamwomba anyamaze.

Jioni akamkuta Chatu amejilaza. Kichwa kiko kwenye mti huu, mkia uko kwenye mti wa pili.

"Wadogo zangu wanaitwa nyoka," akasema Chatu kwa maringo. "Mimi ni joka."

Aa! Kumbe ndivyo ilivyo! Nyoka akizidi ni joka, mtu akizidi ni jitu, nyumba ikizidi ni jumba. Chereko akaruka mbio kwa Tembo. "Shikamoo, Jitembo!"

Tembo alicheka mpaka majani yakapukutika. "Marahaba, mjukuu wangu. Lakini mimi Tembo peke yake natosha. Usinipachike ukubwa juu ya ukubwa."

Kwa Mama Panya hakukuwa na kicheko. Chereko alichungulia shimoni, akasema, "Hiki kijitu ni cha nani?"

"Kijitu?" Mama Panya akamkumbatia mwanawe. "Hilo ni neno la kumdharau mtu. Sema kitoto. Au sema kichanga, maana amezaliwa jana."

"Nisamehe, mama. Kichanga chako kizuri sana."

"Ehe, sasa karibu."

Sisimizi naye akamfundisha kwamba mchanga huhesabiwa kwa chembe, mtama kwa punje na umande kwa tone. Chura ndiye aliyekuwa na maneno ya mvua, na alikuwa nayo tele. "Ikikugusa tu na kupita, hiyo ni rasharasha," akasema. "Ikiwa nyembamba na haitaki kukatika, ni manyunyu. Ikija na kishindo, ni mvua kubwa. Ikifunika nchi, ni gharika. Hiyo ya mwisho uiseme ukiwa na hakika."

Haikuchukua muda, neno hilo likahitajika. Alfajiri moja Chereko alikuwa juu ya kilele cha mti, akaona upande wa pili wa msitu umekuwa mweusi. Kule maji yalikuwa yameshameza vichaka, yanakuja. Zamani angesema tu "mvua kubwa", wanyama wakageuka upande wa pili na kuendelea kulala.

"Gharika!" akapaza sauti. "Kijito kimekuwa mto! Mto umekuwa mpana kama ziwa! Msikimbilie kilimani, kilima ni kifupi! Pandeni mlimani!"

Wakaamka wote. Tembo akambeba Kobe. Mama Panya akamng'ata mwanawe shingoni taratibu, akapanda mgongoni kwa Ngiri. Sisimizi wakajipanga kwenye pembe za Nyati. Maji yalipofika, kilima kikatoweka, na wao walikuwa mlimani wanayatazama kwa mbali.

Kesho yake kila mmoja alikuwa anatengeneza makao mapya. Chereko akasikia sauti nyembamba chini ya jani.

"Chereko! Njoo unisaidie! Jabali limeziba mlango wangu!"

Chereko akatua. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona jabali. Hakuona hata jiwe. Aliona kokoto moja, na Sisimizi ameegemea pembeni yake akihema.

Chereko akafungua mdomo amsahihishe. Akaufunga. Akaliinua lile kokoto kwa ukucha mmoja, akaguna kwa sauti.

"Lo! Jabali zito hili! Nilitupe wapi?"

"Mbali," akasema Sisimizi. "Na uangalie lisimponde mtu."