Kuhusu kuhesabu stoku ya Likasi tarehe 9 na 10 Aprili

Lubumbashi, Jumanne tarehe 7 Aprili 2026

Mama Chantal, jambo.

Asante kwa ujumbe wako wa asubuhi na kwa kunitumainia kazi ya depo. Nimepiga hesabu ya siku zangu kabla ya kukujibu, na kwa heshima naomba unisamehe: sitaweza kwenda Likasi Alhamisi na Ijumaa hii.

Deklarasyo za TVA, IPR na CNSS za mwezi wa tatu zinaisha tarehe 15. Kutoka kesho hadi Jumanne tarehe 14, pamoja na nusu siku ya Jumamosi, nina saa 44. Faktura 140 za manunuzi zitachukua 18, mishahara ya watu 62 itachukua 12, na kulinganisha vitabu na benki, akonti ya franka na ya dola, 10. Zinabaki saa 4, na Likasi inaomba 16. Jumatano yenyewe ya tarehe 15 nimeiachia kutuma na kulipa.

Faktura ndizo zinanitia wasiwasi zaidi. Faktura isiyo na namba ya kodi ya muuzaji, hatuwezi kutoa TVA yake. Kwa manunuzi ya dola 1.000, ni dola 160 zinapotea. Lazima nimpigie kila muuzaji simu aitengeneze upya, na wengine hujibu baada ya siku mbili. Kazi hiyo haikimbizwi.

Kama hesabu ya stoku haiwezi kungoja, msimamizi wa depo anaweza kuiongoza bila mimi. Leo jioni nitamtumia fishi za kuhesabia. Nitaziacha bila idadi ya komputa, kwa sababu mtu akiiona huinakili badala ya kuhesabu. Wafanye wawili wawili, mmoja ahesabu, mwingine aandike kwa biki; kisha kundi lingine lirudie rafu ileile. Muda huo bidhaa isiingie wala kutoka, la sivyo tofauti itakayoonekana haitaelezeka. Wakinitumia picha za fishi Ijumaa jioni, zile saa 4 zinanitosha kuzipitia na kukuonyesha rafu za kuhesabiwa tena.

Kama unataka niwepo mwenyewe, naweza kwenda Jumatatu tarehe 4 na Jumanne tarehe 5 Mei. Mapema kuliko hapo hapana, maana baada ya deklarasyo ninaingia kwenye hesabu za mwaka 2025, na mwisho wake ni tarehe 30 Aprili.

Naomba uniambie unachagua ipi kesho kabla ya saa sita mchana, ili msimamizi apate muda wa kuwapanga watu wake na kuwaarifu madereva kwamba depo itafungwa.

Kwa heshima,
Furaha
Uhasibu, ofisi ya Lubumbashi