Fomu ya Kukubali Kushiriki: Utafiti wa Simu za Kukumbusha Dawa za Presha

Kwa msomaji wa fomu

Soma kwa sauti na polepole, mahali ambapo watu wengine hawasikii. Kama mgonjwa hasomi, shahidi awepo tangu neno la kwanza. Shahidi achaguliwe na mgonjwa mwenyewe, ajue kusoma, na asiwe mtumishi wa kituo wala mtu wa utafiti. Anayeitwa mwishoni kutia sahihi tu hajashuhudia kitu. Penye neno SIMAMA, nyamaza na usubiri maswali. Usiulize "Umeelewa?", maana wengi hujibu ndiyo kwa heshima au kwa kuona haya. Ukifafanua kwa maneno yako, usiongeze ahadi ambayo haimo humu.

Tunakuomba nini

Karibu. Tunafanya utafiti, yaani tunatafuta jibu la swali ambalo bado hatulijui. Swali letu ni hili: mtu mwenye presha akipigiwa simu kukumbushwa dawa, presha yake inashuka vizuri zaidi kuliko ya mtu asiyepigiwa?

Tunakuomba wewe kwa sababu una umri wa miaka 30 au zaidi, unatumia dawa za presha za kituo hiki, na una simu au unatumia simu ya mtu wa karibu. Tunatafuta watu 200.

Unaweza kukubali au kukataa. Ukikataa, utapata dawa zako na kuonwa na daktari kama kawaida, na hakuna atakayekukasirikia. Si lazima ujibu leo. Nenda nyumbani, zungumza na mwenzako au na mtu unayemwamini, kisha urudi na jibu.

SIMAMA.

Ukikubali, itakuwa hivi

Utakuja kituoni mara 3: leo, baada ya miezi 3, na baada ya miezi 6. Kila mara ni kama saa moja.

Ukifika, utakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti na miguu iko chini. Kisha tutakupima presha mkononi mara 3, tukipumzika kidogo kila baada ya kipimo. Mkanda utabana mkono, halafu utalegea. Baada ya hapo tutakuuliza jinsi unavyotumia dawa. Kama huwa unaruka siku, sema tu. Hatutakugombeza, na ukitupa jibu la kutufurahisha utafiti utakosea. Swali usilolitaka, usilijibu.

Siku ya kwanza na siku ya mwisho tutakutoa damu kwenye mshipa wa mkono, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kila mara. Sindano ni mpya, ya kwako peke yako. Damu hiyo tutaipima sukari na hali ya figo, kwa sababu presha ikikaa juu muda mrefu huumiza figo. Hatutapima Ukimwi wala kitu kingine. Damu itakayobaki itateketezwa. Haiuzwi, haihifadhiwi, haipelekwi kwingine. Majibu utaambiwa wewe mwenyewe, ndani ya wiki 2.

SIMAMA. Watu wengi huogopa habari ya damu bila kusema. Subiri hapa kidogo zaidi.

Makundi mawili

Watu 100 watapigiwa simu na watu 100 hawatapigiwa. Utachukua bahasha moja iliyofungwa, na karatasi ya ndani itasema uko kundi gani. Daktari hachagui, sisi hatuchagui, na wewe huchagui. Tukichagua, tunaweza kuwapa simu wale wanaofuata dawa vizuri, halafu tukadhani simu ndiyo iliyowasaidia. Bahasha ikishafunguliwa haibadilishwi.

Kundi la simu litapigiwa mara 2 kwa wiki, kila simu chini ya dakika 3. Tunapiga sisi, hulipi. Kundi lisilopigiwa litaendelea na matibabu ya kawaida.

Kote kuwili dawa zako ni zilezile. Utafiti hautoi dawa mpya wala haupunguzi ulizopewa. Usiache dawa kwa sababu ya kundi ulilopata. Usiache pia kwa kuwa unajisikia mzima, kwani presha inaweza kuwa juu bila maumivu yoyote.

SIMAMA.

Yanayoweza kukusumbua

Sindano inauma kidogo. Mahali ilipoingia panaweza kuvimba au kuvilia damu siku chache, na wengine huona kizunguzungu, kwa hiyo utatolewa damu ukiwa umekaa. Ukipata shida kwa sababu ya utafiti, kituo kitakutibu bila malipo.

Jambo jingine ni siri. Mtu mwingine anaweza kupokea simu yako. Ikiwa hivyo, mpigaji atasema tu kwamba anakutafuta wewe, atakata, na atapiga baadaye. Hatataja presha, dawa wala utafiti. Kama hutaki watu wa nyumbani wajue, tuambie leo ni saa zipi unakuwa na simu yako.

Faida na malipo

Huenda usipate faida yoyote ya kwako. Tutakachojifunza kinaweza kusaidia wagonjwa wa baadaye. Presha yako ikikutwa 180 kwa 110 au zaidi, tutarudia kupima, na ikibaki hivyo utaonana na daktari siku hiyohiyo.

Hatulipi mtu kwa kushiriki. Tunakurudishia nauli ya kuja na kurudi kila unapokuja, hata kama siku hiyo utaamua kuacha.

Siri zako

Kwenye karatasi za majibu tutaandika namba badala ya jina. Orodha ya majina itafungiwa kabatini, mbali na majibu, na baada ya miaka 5 itachanwa na kuchomwa. Kamati ya maadili ya utafiti, ambayo kazi yake ni kuwalinda washiriki, inaweza kukagua karatasi. Nayo inatunza siri.

Kuacha

Unaweza kuacha siku yoyote. Sema "nimeacha" kituoni au kwenye simu, bila kutoa sababu. Utaulizwa swali moja tu: majibu uliyokwisha kutupa tuyatumie au tuyafute? Utakavyosema ndivyo tutakavyofanya, mradi uache kabla ya ziara ya mwisho. Baada ya hapo majibu ya wote yanachanganywa na hatuwezi kuyatoa ya mtu mmoja.

Utapewa kadi yenye namba ya kiongozi wa utafiti kwa maswali, na namba ya kamati ya maadili kwa malalamiko dhidi yetu.

SIMAMA.

Tueleze kwa maneno yako

Msomaji, sema kwanza: "Huu si mtihani wako, tunapima kama tumeeleza vizuri."

Ukikataa, dawa zako zitakuwaje? (Atazipata kama kawaida.)
Nani anachagua kundi lako? (Hakuna, ni bahasha.)
Damu tunaipima nini? (Sukari na figo.)
Ukichoka katikati, unafanyaje? (Anaacha, anatuambia.)

Akikosea, msomee tena sehemu hiyo tu. Akikosea mara ya pili, msiendelee leo. Mpangie siku nyingine.

Kukubali

"Nimesomewa fomu hii. Nimeuliza niliyotaka na nimejibiwa. Sijalazimishwa. Nakubali kushiriki, nakubali kutolewa damu, na nakubali kupigiwa simu nikiangukia kundi hilo."

Mshiriki anatia sahihi, au anaweka alama ya kidole gumba cha kushoto. Asishikwe mkono; auweke mwenyewe. Shahidi anatia sahihi kuthibitisha kwamba yote yalisomwa na mshiriki alikubali kwa hiari yake, kisha msomaji anatia yake. Kila mmoja anaandika tarehe kwa mkono wake. Ya aliyeweka kidole inaandikwa na shahidi. Fomu ni mbili: moja inabaki kwetu, nyingine anaondoka nayo mshiriki. Kama hataki ionekane nyumbani, tutamtunzia hapa na atachukua kadi peke yake.